Hesabu ya Koki za Shaba

Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho tu. Ghalani wote walimwita Bi Rudia, kwa sababu ukimpelekea hesabu isiyolingana na ya kompyuta, hata uwe umelowa jasho kama uliyebeba maji kichwani, jibu lake lilikuwa lile lile: "Rudia." Mwanzoni walimwita hivyo wakimcheka kisogoni. Baadaye jina likamganda, na mwenyewe akaanza kuitika.

Lilikuwa ghala la vifaa vya maji: mabomba, viungio, mipira, mita na koki za kila aina. Halikuwa linafungwa mara moja kwa mwaka ili watu wahesabu kila kitu kwa siku tatu bila kulala, kama zamani. Kila asubuhi Bi Rudia alitoa orodha fupi ya bidhaa za kuhesabiwa siku hiyo. Bidhaa za bei kubwa na zinazotoka kwa wingi zilihesabiwa mara nyingi, na zile za kudorora mara mbili kwa mwaka. Karatasi ya kuhesabia iliandikwa jina la bidhaa na mahali ilipo, basi. Idadi ya kwenye kompyuta haikuwekwa, kusudi mwenye kuhesabu asije akaona jibu kabla ya swali.

Jumanne ilikuwa zamu ya koki za shaba za nusu inchi.

Bi Rudia akafunga kijia kwa utepe, akatundika kibao cha "Tunahesabu, usiguse," akamwomba dereva wa foklifti, mashine ya kuinulia mizigo, aishushe paleti, lile jukwaa la mbao lenye katoni za koki, kutoka rafu ya juu. Dereva huyo walimwita Kobe. Aliendesha taratibu hata wenye magari ya kupakia walikuwa wakimpigia honi, naye hajawahi kugonga nguzo tangu aanze kazi. Akashusha paleti kama anayelaza mtoto.

"Hesabu kwa raha, dada," alisema. "Mimi naenda kunywa chai. Ukimaliza nipigie mluzi."

Katoni zilizofungwa zilikuwa thelathini na tano. Iliyofunguliwa ilikuwa moja, na ndani yake mlikuwa na koki kumi na tatu. Kila mtu ghalani alijua katoni ya koki hizo ina koki ishirini na nne. Ni jambo ambalo hata usingizini ungeulizwa ungejibu. Bi Rudia akazidisha, akajumlisha, akapata mia nane hamsini na tatu.

Alipofungua kompyuta, salio lilisema elfu moja na mia mbili.

Alikaa akiitazama namba ile. Kupungukiwa koki mbili tatu ni jambo la kawaida. Mtu hukosea kuhesabu, nyingine huangukia kwenye katoni ya jirani. Lakini mia tatu arobaini na saba! Akamwita karani wa mauzo, mtu asiyehusika na rafu zile, akampa karatasi mpya isiyo na namba. Karani akahesabu, akarudi na mia nane hamsini na tatu.

"Usiniambie nirudie," karani alisema.

"Leo sikuambii," alijibu Bi Rudia. "Leo naanza kutafuta."

Alitafuta kwenye rafu za jirani. Akafungua katoni za koki za robo tatu, ambazo kwa mbali zinafanana na za nusu inchi kama ndugu wa tumbo moja, akaona hakuna iliyochanganywa. Akaenda sehemu ya bidhaa zilizorudishwa na wateja, kisha kwenye kreti la vilivyoharibika. Patupu. Jioni akampelekea meneja taarifa, kwa sababu utaratibu ulisema tofauti kubwa kiasi kile lazima ijulikane siku hiyo hiyo.

Meneja wa ghala hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyebanwa. Jumatatu iliyofuata wakaguzi kutoka makao makuu wangefika, na mwaka uliopita walikuwa wamemwandikia onyo kwa sababu ya mita zilizopotea. Alisoma taarifa mara mbili, akaivua miwani yake.

"Rafu ya juu," alisema. "Nani anafika rafu ya juu?"

"Kwa mashine, Kobe. Lakini meneja, bado sijapitia—"

"Kobe peke yake."

"Kobe ndiye anayeshusha. Wanaotoa na wanaofungasha ni wengine. Nipe muda nipitie mwendo wote wa bidhaa."

"Pitia. Mimi nami nifanye langu."

Alilolifanya lilionekana kesho yake jioni, wakati wa kutoka. Kobe alisimamishwa langoni mbele ya wafanyakazi wote, mfuko wake ukamwagwa mezani: bakuli la chakula, taulo, jozi ya glavu zilizotoboka, dawa ya mgongo. Hakuna koki. Hata hivyo akaambiwa asije kazini mpaka uchunguzi uishe. Kobe hakupiga kelele. Alirudisha vitu vyake mfukoni kimoja kimoja, akakunja taulo vizuri kana kwamba yuko nyumbani kwake, akatoka. Watu wakaangalia chini.

Bi Rudia naye aliangalia chini. Namba iliyomtoa yule mtu kazini ilikuwa imetoka kwenye kalamu yake.

Nyumbani usiku ule mumewe, fundi wa kushona viti vya magari, alimwona hali chakula.

"Dada kanipigia simu," alisema mumewe. "Anasema unafukua mambo ya ghala kama unatafuta kaburi."

Dada huyo ndiye wifi yake Bi Rudia, na ndiye aliyekuwa mpokeaji wa mizigo pale ghalani. Lori lolote likiingia, yeye ndiye aliyelipokea, akahesabu katoni, akasaini. Alianza kazi hiyo ghala likiwa bado na sakafu ya udongo. Bi Rudia mwenyewe alipata ajira kwa sababu wifi yake alimshika mkono akampeleka kwa meneja wa wakati ule, akasema, "Huyu ni mke wa mdogo wangu, ana kichwa cha hesabu."

"Dada yako anataka nini?"

"Anasema andika marekebisho, yaishe. Kompyuta iseme mia nane, na rafu iseme mia nane. Kwani si mnaandikaga?"

"Tunaandika tukishajua kilichotokea. Nikiandika leo, namba zitalingana, na Kobe atabaki mwizi maisha yake yote. Na koki zitapungua tena mwezi ujao, halafu atatafutwa mwizi mwingine."

Mumewe akakuna kidevu. "Mimi sijui mambo ya rafu. Ila najua kushona. Ukiona kitambaa kimepungua, aidha kimekatwa vibaya, au hakikuletwa chote."

Alisema hivyo akainuka kwenda kufunga mlango, wala hakurudia tena hayo maneno. Lakini Bi Rudia alilala nayo.

Alhamisi alifika mapema, akajifungia kwenye kile chumba kidogo kilichokuwa na kabati za hati. Akafanya kazi yake kama alivyofundishwa: kurudi nyuma hadi siku ya mwisho hesabu na kompyuta zilipokubaliana, na kuanzia hapo kutembea mbele hatua kwa hatua. Hiyo ndiyo faida ya kuhesabu mara kwa mara. Njia ya kurudi nyuma huwa fupi. Koki za nusu inchi zilikuwa zimehesabiwa wiki saba nyuma. Siku ile rafu ilikuwa na mia nne themanini, na kompyuta mia nne themanini. Sawasawa. Kwa hiyo chochote kilichotokea kilitokea baada ya hapo.

Akachukua hati za kutoa mzigo, moja moja, akalinganisha saini ya mteja, idadi iliyoandikwa na idadi iliyoingizwa kwenye kompyuta. Alitumaini atakuta hati moja iliyosahauliwa mezani kwa mtu, koki zimetoka na hazijaandikwa. Hakuna. Zilizotoka zilikuwa elfu mbili mia moja na sitini, na zote zimeandikwa.

Akaenda kwenye meza ya kufungashia. Hapo alikuwepo mwanamke mnene mcheshi waliyemwita Mama Kamba. Wateja wa ghala lile waliagiza kwa idadi, si kwa katoni. Mama Kamba ndiye aliyezitoa koki kwenye katoni, akazihesabu, akazitia kwenye mifuko pamoja na vifaa vingine na kuifunga.

"Mama Kamba, unahesabu vipi koki?"

"Kumi kumi. Nikifika alizoagiza mteja, nafunga. Kwani nimepunja mtu?"

"Hakuna aliyelalamika. Umeona chochote cha ajabu kwenye koki za nusu inchi siku hizi?"

Mama Kamba akacheka. "Cha ajabu ni kwamba katoni haziumizi tena mgongo. Zamani nilikuwa nikiinua moja naita mababu. Siku hizi naishika hivi, naiweka hivi. Na zinaisha upesi! Ukigeuka tu, katoni tupu. Nikadhani labda ndiyo nimepata nguvu."

Bi Rudia hakucheka. Alimshukuru, akaondoka mbio karibu adondoke kwenye mkokoteni wa paleti.

Paleti ya koki ilikuwa bado chini, na utepe wake haujatolewa. Akachukua kisu cha kukatia, akachagua katoni moja iliyofungwa, akatazama gundi ya kiwandani. Haikuguswa. Akaikata. Ndani koki zilipangwa kwa tabaka, kila moja kwenye mfuko wake wa plastiki. Akazitoa, akazihesabu sakafuni.

Ishirini.

Akahesabu tena. Jina lake lilikuwa Bi Rudia, na siku hiyo alilistahili. Ishirini. Akafungua katoni ya pili, kutoka katikati ya paleti. Ishirini. Ya tatu, kutoka chini kabisa. Ishirini. Zote zilikuwa na rangi ile ile ya buluu, picha ile ile ya koki inayong'aa. Lakini upande mmoja, ule uliogeuziwa ndani paleti inapopangwa, chini ya uzito, palikuwa na maandishi madogo kama mayai ya chawa: idadi, ishirini.

Akakaa juu ya katoni.

Kwa dakika nzima alijuta kukata ile gundi. Maana kama katoni zote thelathini na tano zilikuwa na ishirini, basi yeye na karani wote wawili walikosea. Rafu haikuwa na koki mia nane hamsini na tatu. Ilikuwa na mia saba na kumi na tatu. Upungufu haukupungua, ulizidi! Sasa ulikuwa mia nne themanini na saba. Angetoka pale akaenda kwa meneja na kumwambia, "Nimechunguza, na zilizopotea ni nyingi zaidi," Kobe angelala mahabusu.

"Tulia," alijiambia kwa sauti. "Bado hujamaliza kutembea."

Akarudi kwenye hati. Safari hii hakuzitazama zilizotoka, alizitazama zilizoingia. Katika zile wiki saba mzigo wa koki ulikuwa umeletwa mara mbili, kila mara katoni sitini. Kwenye hati ya mleta mzigo, safu ya kwanza ilisema katoni 60. Safu ya mwisho, ile ambayo hakuna aliyekuwa akiisoma, ilisema koki 1,200. Kwenye kompyuta, mapokezi yale yale yaliandikwa koki 1,440, kwa sababu mpokeaji aliingiza katoni sitini na kompyuta ikazidisha yenyewe kwa ishirini na nne, kama ilivyoelekezwa miaka mingi iliyopita.

Kila katoni iliingia ikiwa na koki nne ambazo hazikuwahi kuzaliwa. Katoni mia moja na ishirini, mara nne: mia nne themanini.

Bi Rudia aliiandika hesabu hiyo kwa penseli, akaikagua kwa mashine ya hesabu, kisha kwa kichwa. Hakuna aliyeiba koki hizo mia nne themanini. Hazikuwahi kuingia mlangoni.

Kisha akageuza hati kuitazama saini ya mpokeaji. Saini ile aliifahamu. Ilikuwa pia kwenye cheti chake cha ndoa, mahali pa mashahidi.

Wifi yake alikuwa kwenye mlango wa kupokelea, amekaa juu ya kiti chake cha plastiki, lori limekwisha kuondoka. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kufika mwisho wa uwanja.

"Wifi, naomba tuongee."

"Kama ni zile koki, kaongee na meneja. Mimi nimeshamwambia mdogo wangu anayekulisha."

"Ananilisha na mimi namlisha. Wifi, nisikilize. Nimekuja kwako kabla sijaenda kwa mtu mwingine yeyote."

Akamwonyesha katoni iliyofunguliwa, hati na hesabu ya penseli. Wifi yake alivitazama kimoja kimoja. Akachukua hati, akaileta karibu na macho, akaisukuma mbali, akaileta tena.

"Ishirini," alisema.

"Ishirini."

"Hawakuniambia kama wamebadilisha."

"Hawakusema. Wameandika tu hapa, na hapa pembeni."

"Wewe! Unajua malori mangapi yanaingia mlango huu kwa siku? Unadhani nina muda wa kusoma mayai ya chawa? Nahesabu katoni, naangalia zisiwe zimelowa, nasaini. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na hivyo ndivyo ninavyofanya tangu hujajua ghala ni nini."

"Najua, wifi."

"Hujui! Nilikuleta hapa mimi. Leo unakuja kunichimbia. Kweli kikulacho ki nguoni mwako."

Maneno yale yalichoma. Bi Rudia aliyaacha yapite, kama mtu anayesubiri lori lipite ndipo avuke.

"Wifi, mtu mmoja yuko kwake, na majirani zake wameshaambiwa ni mwizi," alisema. "Kesho asubuhi nitampelekea meneja hesabu hii. Sitaandika kwamba wewe ni mzembe, kwa sababu si kweli. Nitaandika kwamba katoni imebadilika na kompyuta haikubadilishwa. Lakini nitaiandika. Nimekuja usikie kwangu, usije ukasikia langoni."

"Na nikisema usiandike?"

"Nitaandika."

Wifi yake alisimama, akavuta mlango wa bati kwa nguvu hadi ndege waliokuwa kwenye mapaa wakaruka.

Usiku ule simu ya mumewe iliita mara tatu, na mara zote tatu alitoka nje kuipokea. Aliporudi mara ya mwisho alikaa kitandani akivua viatu polepole.

"Umeamua?"

"Nimeamua."

"Basi," alisema mumewe, "mimi niko katikati kama nyama ya sambusa. Lakini yule dereva ana watoto." Akazima taa.

Ijumaa asubuhi meneja alisoma karatasi nzima bila kuinua kichwa. Bi Rudia alikuwa amepanga kila kitu kwa mfuatano: hesabu ya mwisho iliyolingana, zilizoingia, zilizotoka, zilizopaswa kubaki, zilizokutwa. Juu ya meza aliweka katoni moja iliyofungwa.

"Fungua mwenyewe," alimwambia meneja.

Meneja akakata, akahesabu kwa kidole, midomo ikichezacheza. Alipofika ishirini aliingiza mkono ndani ya katoni na kuupapasa pembeni, kana kwamba nne nyingine zimejificha.

"Kwa hiyo hakuna mwizi."

"Kwa mia nne themanini hakuna mwizi. Hazikuletwa. Zimebaki saba, hizo bado sijazipatia maelezo."

"Saba?"

"Ilipaswa rafu iwe na mia saba na ishirini. Ina mia saba na kumi na tatu. Huenda Mama Kamba alizidisha mteja mmoja, huenda zilitoka kama sampuli bila hati. Nimetafuta, sijaziona. Sitakudanganya kwamba najua."

Meneja alishika paji la uso. Bi Rudia aliona jinsi alivyokuwa akitamani zile saba nazo zipate maelezo, karatasi iwe safi, wakaguzi wapite. "Huwezi kuziingiza humo humo? Uandike mia nne themanini na saba?"

"Katoni mia moja na ishirini mara nne ni mia nne themanini. Mkaguzi akizidisha atauliza hizo saba nimezitoa wapi, na kuanzia hapo hataamini hata zile za kweli."

Mlango ukafunguliwa bila kubishwa. Aliingia wifi yake, amevaa koti la kazi, karatasi za mapokezi chini ya kwapa. Hakumtazama Bi Rudia.

"Meneja, nimesikia mnazungumza habari za mlango wangu," alisema. "Mlango wangu nauzungumzia mwenyewe. Mizigo yote miwili nilipokea mimi. Nilihesabu katoni, sikufungua hata moja. Na asubuhi hii nimepitia hati za mleta mzigo huyo huyo. Ana bidhaa nyingine tano kwetu. Viungio vya shaba navyo wamepunguza, kutoka hamsini hadi arobaini. Hivyo havijahesabiwa bado. Vikihesabiwa vitapungua, na mtatafuta dereva mwingine wa kumwaga mfuko wake."

Meneja akatazama katoni, akamtazama mpokeaji wake wa miaka yote hiyo.

"Kaa, mama," alisema.

"Sikai, kuna lori."

Akaweka karatasi mezani na kutoka.

Mchana ule walifanya yaliyopasa kufanywa. Hawakuandika marekebisho ya jumla ya kufunika shimo. Kila mapokezi yalisahihishwa peke yake, kwa kupunguza mia mbili arobaini na kuambatisha hati ya mleta mzigo, ili mtu yeyote akija baadaye aone kosa lilikuwa wapi. Kwenye kompyuta idadi ya katoni ikabadilishwa kuwa ishirini. Viungio vya shaba vikashushwa na kuhesabiwa jioni hiyo hiyo, na vilipungua kwa kiasi kile kile wifi alichokisema. Zile koki saba zikaandikwa peke yake, mstari mmoja: upungufu, sababu haijajulikana. Meneja alishika kalamu muda mrefu juu ya mstari ule kabla ya kusaini.

Kisha akampigia Kobe simu arudi kazini Jumamosi.

Kobe alifika amevaa shati lililopigwa pasi. Hakwenda kwenye foklifti. Alisimama langoni, pale pale meza ilipokuwa.

"Panda mashine, ndugu yangu, mambo yamekwisha," alisema meneja.

"Kwako yamekwisha," alijibu Kobe kwa ile sauti yake ya taratibu. "Mlimwaga mfuko wangu mbele za watu. Mpaka dawa yangu ya mgongo watu wameiona. Basi na mema uyaseme mbele za watu."

Wafanyakazi walikuwa wakiingia. Baadhi walipunguza mwendo. Meneja alikohoa, akatazama viatu vyake, na Bi Rudia alidhani angegeuka na kurudi ofisini. Lakini alipandisha sauti, akasema kwamba koki hazikuibiwa, kwamba kosa lilikuwa la hesabu ya kuingiza, kwamba yeye kama meneja alimhukumu mtu kabla ya kujua, na kwamba anaomba radhi. Hakuisema vizuri, aliisema kwa kukwama kwama kama gari lisilo na mafuta. Kobe alisikiliza hadi neno la mwisho.

"Nimekusikia," alisema, na kwenda kupanda mashine yake.

Kwa Bi Rudia hakusema asante, naye hakuitaka. Alijua kwamba kama asingefika mwisho wa hesabu ile, namba yake ya kwanza ndiyo ingekuwa imemmaliza Kobe.

Jumatatu wakaguzi walikuja, wakaomba kuhesabu bidhaa kumi walizozichagua wenyewe, koki za nusu inchi zikiwemo. Mmoja wao aliuliza kuhusu zile saba. Meneja akasema hatujui bado, tunafuatilia. Mkaguzi akaandika kitu, akageuza ukurasa. Hakutoa onyo, hakutoa sifa.

Nyumbani mambo hayakunyooka upesi hivyo. Wifi yake hakufika kwao kwa wiki tatu. Salamu alizituma kwa mdogo wake tu, "na watoto." Kazini alimpita Bi Rudia kama nguzo. Bi Rudia alimsalimia kila asubuhi bila kukosa, akijibiwa au asijibiwe. Aliamua kwamba salamu haina salio, unaitoa tu.

Ila mlango wa kupokelea ulikuwa umebadilika, na kila mtu aliona. Lori likifika, wifi hakuanza kwa kuhesabu katoni. Alichomoa moja kutoka katikati ya mzigo, akaikata, akahesabu kilichomo mbele ya dereva, akalinganisha na safu ya mwisho ya hati. Dereva akinung'unika kwamba anacheleweshwa, aliambiwa apunguze mdomo au arudi na mzigo wake. Siku moja alisikika akimfokea mleta koki kwenye simu, akitaka idadi iandikwe kwa herufi za kuonwa na binadamu, si na sisimizi.

Alhamisi ya wiki ya nne Bi Rudia alikuwa akipita na karatasi zake za kuhesabia, sauti ile ikamkuta kutoka mlangoni.

"Wifi!"

Aligeuka. Wifi yake alikuwa amechuchumaa mbele ya katoni iliyokatwa, viungio vya mpira vimetapakaa miguuni pake.

"Hapa napata thelathini na nane, na hati inasema arobaini. Macho yangu huona mbali tu, siyaamini. Njoo uhesabu."

Bi Rudia akaweka karatasi chini, akapiga magoti kando yake, na wakaanza upya, kumi kumi.